Ombi Si Amri: Kwa Nini Wengine Wetu Hushindwa Kukataa



Ndugu msomaji, katika kila ukoo yupo mtu ambaye jina lake ndilo hutajwa kwanza panapotokea haja. Mchango wa harusi ukipungua, husemwa, "Mwambieni fulani." Mgonjwa akihitaji mtu wa kulala naye hospitalini, husemwa, "Fulani yupo." Watu humsifu kwa wema wake, na mara nyingi wema huo ni wa kweli. Hata hivyo, wapo miongoni mwa watu wa namna hii ambao, wakikaa peke yao, hujua kwamba hawakutaka, au hawakuweza, na bado walisema ndiyo. Wiki hii tunataka kumzungumza mtu huyo asiyeweza kukataa, na kutazama kutoweza kwake kulianzia wapi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayofanana kwa sura. Anayetoa kwa ihsani alikuwa na uwezo wa kukataa, akachagua kutoa. Anayetoa kwa hofu hakuchagua, kwa kuwa mlango wa kukataa kwake umefungwa tangu zamani. Mkono unaotoa ni uleule na shilingi ni zilezile, lakini matokeo yake hutofautiana. Mwenye hofu hujulikana kwa alama tatu. Jibu lake hutoka kabla mwombaji hajamaliza kusema, naye hajatazama mkoba wake wala siku yake. Akishatoa, kinachobaki moyoni mwake si utulivu bali uchungu, na huanza kuhesabu ni mara ngapi ametoa na ni nani aliyemshukuru. Na siku akijaribu kukataa, moyo humwenda mbio na koo humkauka, kana kwamba ametenda kosa.

Tuchukue mfano. Ni mfano tuliouunga wenyewe, lakini wasomaji wengi wataona ndani yake sura wanazozijua. Mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye mume na watoto wawili, ni binti mkubwa katika nyumba ya watoto sita. Mshahara wake ni shilingi 650,000 kwa mwezi. Yeye na mumewe wamekubaliana kuweka akiba ya ada, na hadi Desemba wamefikisha 400,000. Jumatatu shangazi yake anampigia simu kuhusu mchango wa harusi, naye anaahidi 50,000 ambazo hanazo. Jumatano jirani anamwomba akaange maandazi 200 ya hitma ya Ijumaa, naye anakubali ingawa usiku huo ana kazi ya ofisi aliyoileta nyumbani. Alhamisi mdogo wake wa kiume anamwambia, "Dada, nimepata mzigo wa nguo kwa bei nzuri. Nipe laki nne, mwisho wa mwezi nakurudishia." Naye anajibu, "Sawa, mdogo wangu." Anajibu hivyo huku akijua fedha hiyo ni ya nini.

Tuzifuate hizo laki nne. Mwisho wa mwezi unapita, na mdogo wake yuko kimya. Dada hamdai, kwa kuwa kudai nako, kwake, ni aina ya kukataa. Ni kumwambia mtu neno asilolipenda. Januari inafika na shule inataka ada. Mumewe anauliza ilipo akiba, naye anasema benki ina tatizo. Sasa juu ya fedha iliyopotea pameongezeka uongo ndani ya ndoa. Anaanza kuiacha simu ikilia bila kupokea anapoona jina la mdogo wake, na harusi ya binamu haendi, kwa kisingizio cha homa. Baada ya miezi mitatu ukoo unasema, "Dada siku hizi amebadilika, anajitenga." Alisema ndiyo ili asiachwe na watu wake, na hiyo ndiyo ikageuka kuwa sababu ya kuwakimbia. Waliolipia hofu yake ni mume na watoto, ambao wana haki juu yake na hawakuulizwa.

Mtu atauliza, kwa nini asiseme tu kwamba hana? Jibu halipatikani katika Alhamisi ile. Tunapaswa kurudi nyuma miaka ishirini na mitano.

Binti huyu alipokuwa na miaka tisa, baba yake alikuwa akisafiri kwa biashara na mama yake alikuwa na mtoto mchanga na mwingine mgongoni. Mama alichoka, na alipochoka alinyamaza kwa siku nzima. Binti akajifunza kuusoma uso wa mama kabla ya salamu ya asubuhi. Akiona umekunjamana, huwahi kuteka maji, kuosha vyombo na kuwanyamazisha wadogo zake. Mama akafurahi, akawaambia wageni, "Huyu ndiye mtoto wangu, hanisumbui kabisa." Siku moja aliposema amechoka, anataka kwenda kucheza, mama hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia tu, "Na wewe pia?" kisha akanyamaza hadi usiku. Mama hakuwa mtu mbaya, alikuwa amelemewa. Lakini mtoto hakuona kulemewa huko. Alichokiona ni kwamba nikisema ndiyo napendwa, na nikisema hapana mama anaondoka ilhali yupo.

Nyumba hugawa nafasi, aghalabu bila mtu kukusudia. Mmoja huwa mkorofi, mwingine huwa mchekeshaji, mwingine huwa mgonjwa wa kuangaliwa, na mwingine huwa nguzo. Bi Virginia Satir, Mmarekani aliyetumia maisha yake kufanya kazi na familia zenye mgogoro, alieleza katika kitabu chake Peoplemaking cha mwaka 1972 namna nne ambazo watu huzishika wanapohisi thamani yao imo hatarini. Wapo wanaolaumu, wapo wanaojificha nyuma ya hoja kavu, wapo wanaoyavuruga mazungumzo, na wapo wanaoridhisha. Huyu wa mwisho hukubali kila kitu, huomba radhi kwa yasiyo makosa yake, na hujiona hana thamani mpaka mtu mwingine aridhike naye. Jambo kubwa katika maelezo yake ni kwamba hizi hazikuwa tabia za kuzaliwa nazo. Zilikuwa njia za kujilinda zilizojifunzwa nyumbani, na kilichojifunzwa kinaweza kufunzwa upya.

Kwa mtoto wa miaka tisa, njia ile ilikuwa na akili. Mtoto hawezi kuhama kwa mama yake. Kuridhisha kulimhakikishia utulivu wa nyumba. Tatizo ni kwamba mwili hukua na nafasi haikui pamoja nao. Mama mwenyewe huenda leo ni bibi mpole anayecheka na wajukuu, lakini shangazi akipiga simu, anayeipokea ni yule mtoto wa miaka tisa anayeusoma uso.

Wala hofu ya kukataliwa si jambo dogo la kuambiwa, "Puuza tu." Mwanasaikolojia Kipling Williams na wenzake walibuni mchezo wa kompyuta ambao mtu hurushiana mpira na wachezaji wawili asiowajua. Baada ya muda mfupi wale wawili huacha kumrushia na huendelea wao kwa wao. Hakuna fedha wala heshima inayopotea, na hata hivyo watu waliotengwa hivyo walieleza kuumia. Waliumia hata walipoambiwa mapema kwamba wanaorusha si watu, ni kompyuta tu. Maumivu ya kuachwa hutangulia, na fikra hufuata nyuma yake. Basi aliyekua akiyaogopa maumivu hayo ndani ya nyumba yake mwenyewe hatayashinda kwa kukemewa kwamba hana msimamo.

Hapa ndugu zetu wengi husema: lakini dini yetu imetuamrisha kuunga udugu, kusaidiana na kuwatii wazazi, je, kukataa si ubinafsi? Ni swali la haki, na jibu lake lipo katika maisha ya Madina.

Katika Sahihi Bukhari, Ibn Abbas (r.a) anasimulia habari ya Barira, mwanamke aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Mumewe Mughith alikuwa bado mtumwa, na kwa kuwa yeye sasa ni huru, alipewa hiari ya kubaki naye au kutengana naye. Akachagua kutengana. Mughith alimpenda mno, akawa anamfuata huku na huko katika njia za Madina, machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w) alimhurumia, akamshauri Barira amrudie. Barira akauliza kwanza kama hiyo ni amri. Mtume (s.a.w) akamfahamisha kwamba yeye anaombea tu. Barira akajibu kuwa basi hana haja naye.

Tulitazame tukio hili kwa utulivu. Anayeomba ni mbora wa viumbe. Anayeombewa ni mtu mwenye machozi ya kweli. Anayeombwa ni mwanamke aliyetoka utumwani, asiye na ukoo mkubwa wa kumtetea. Naye hakukimbilia kusema ndiyo, wala hakubuni ugonjwa. Aliuliza swali moja, kama ni amri au ni ombi. Lingekuwa amri, angelitii. Alipojua ni ombi, alijua pia kwamba ana haki ya kukataa, akakataa kwa maneno machache. Hakukaripiwa, wala hakuhesabiwa kuwa amevunja adabu.

Binti wa mfano wetu hana swali hilo. Kwake kila ombi ni amri. Shangazi, jirani, mdogo wake na bosi wake wote huzungumza kwa sauti ya mama aliyenyamaza. Kwa hiyo hatua ya kwanza kwake ni kulitia swali la Barira katikati ya ombi na jibu: hili nimewajibishwa, au nimeombwa? Ada ya watoto ni wajibu wake na mumewe, waliyoafikiana. Matunzo ya mzazi asiye na uwezo ni wajibu. Mtaji wa mdogo wake mwenye afya na nguvu ni ombi. Maandazi ya jirani ni ombi. Wajibu ukijulikana, maombi hupangwa baada yake, kwa kadiri ya kilichobaki.

Swali hilo linahitaji muda, na mtu mwenye hofu hana muda kwa sababu jibu lake huruka lenyewe. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuuchelewesha ulimi. Si lazima aanze na neno hapana, ambalo kwake ni zito kama jiwe. Aanze na, "Nimekusikia, mdogo wangu. Nitakujibu kesho baada ya Alasiri." Kisha atimize ahadi hiyo ya kujibu, kwa kuwa anayechelewesha na kutoweka amerudi kulekule kwenye kukimbia. Katika usiku huo mmoja atakaa na mumewe, atatazama fedha, na ndiyo au hapana itatoka kwa mtu mzima.

Hatua ya tatu ni jibu lenyewe. Kesho yake anaweza kusema, "Fedha niliyonayo ni ada ya watoto, siwezi kuitoa. Ninaloweza ni elfu ishirini, nazo si mkopo, ni zawadi." Tuzingatie yaliyomo. Sababu ni moja na ni ya kweli. Kinachowezekana kimetajwa kwa kiwango chake, na kama hakuna kinachowezekana, dua njema inatosha. Hakuna kisingizio cha benki, kwa kuwa kisingizio huzaa mashauriano. Ukisema benki imefunga, utaambiwa, "Basi nitakuja Jumatatu." Mdogo wake akisema, "Kumbe siku hizi hutujali," asitafute sababu mpya. Aseme, "Nakujali, na fedha ile siwezi kuitoa." Akirudia mara ya tatu, arudie maneno yaleyale kwa sauti ileile. Kila sababu mpya humwambia mwombaji kwamba mlango bado unatikisika.

Hatua ya nne ndiyo ngumu, nayo ni kuyastahimili yatakayofuata. Ukoo uliozoea nguzo isiyosogea hautafurahi ikisogea. Kwa majuma machache ya mwanzo huenda shinikizo likazidi: atanuniwa, atalinganishwa na fulani, pengine mama ataingizwa kati. Hofu itamwambia, "Umeona? Wamekuacha." Wengi hurudi nyuma hapo na kulipa maradufu kwa kuomba radhi. Asirudi, lakini pia asikimbie. Ampigie mdogo wake siku mbili baadaye kumjulia hali, amtembelee mama kama kawaida, apeleke chakula akiweza. Mtoto wa miaka tisa alifunzwa kwamba hapana inavunja uhusiano, na mafunzo hayo hayafutwi kwa maneno. Yatafutika atakapoona kwa macho yake kwamba amesema hapana na udugu bado upo.

Qur'an imetuonesha kwamba mawili haya hukaa pamoja. Katika Sura Luqman, aya ya 15, mtoto anakatazwa kuwatii wazazi wanaomshinikiza kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na hapohapo anaamrishwa kukaa nao duniani kwa wema. Ikiwa katika jambo kubwa kama hilo mtu anaweza kukataa neno la mzazi bila kumkataa mzazi, basi vipi katika laki nne za mtaji?

Tutahadharishe makosa mawili. La kwanza ni hapana ya hasira. Aliyemeza mambo miaka kumi hufika siku akalipuka kwa jambo dogo, akamwaga madeni yote tangu harusi ya kwanza. Hiyo haimfunzi kukataa. Humwachia majuto, na majuto humrudisha kwenye kuridhisha. Afadhali aanze na mambo mepesi, mathalani kumwambia jirani, "Maandazi 200 siwezi, 50 naweza." La pili ni kuichukua elimu hii kuwa ruhusa ya kukwepa wajibu. Mume anayezuia matumizi ya nyumbani na kusema anajifunza kukataa hajajifunza kitu. Lile halikuwa ombi.

Na upo mpaka wa haya tuliyoyasema. Ikiwa anayekataa hupigwa, hutishwa au hunyimwa chakula, hofu yake si mabaki ya utotoni bali ni habari ya kweli kuhusu nyumba aliyomo. Mtu huyo hatuwezi kumwambia arudie jibu kwa sauti ileile. Usalama wake utangulie: awashirikishe wazee waadilifu wa pande zote mbili na sheikh anayeaminika, na afike kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.

Tumalizie kwa wazazi, kwani nafasi hizi hugawiwa nyumbani kwetu. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikuwepo mtoto, na kushotoni walikuwepo wazee. Haki ya kunywa baada yake ilikuwa ya aliye kulia. Mtume (s.a.w) akamwomba mtoto idhini awape wazee kwanza. Mtoto akakataa, akisema kuwa fungu lake litokalo kwake hamwachii yeyote. Mtume (s.a.w) akamkabidhi chombo. Mtoto yule alisema hapana mbele ya wazee, na hakuna aliyemnunia.

Mzazi anaweza kulifanyia kazi hilo leo. Ukimuuliza mtoto, "Unaweza kumpa mdogo wako mkate wako?" basi uwe tayari kwa jibu la pili. Kama ni amri, sema ni amri, kwa upole. Usiivalishe nguo ya ombi kisha ukamwadhibu kwa kimya. Ukichoka, mwambie, "Mama amechoka leo, si kosa lako," ili asijibebeshe uso wako. Na yule mtoto ambaye hakusumbui kabisa, muulize mara moja kwa wiki yeye anataka nini, kisha usubiri, kwa kuwa huenda asijue la kujibu.

Nasi tunaoomba tujifunze kukataliwa. Sura An-Nur, aya ya 28, imetufundisha kwamba tukifika kwenye nyumba ya mtu na kuambiwa turudi, turudi, na kwamba hilo ni safi zaidi kwetu. Dada akisema hawezi, tumshukuru kwa ukweli wake, tuinuke, na wiki ijayo tumjulie hali bila ya kuwa na haja naye.

Wallahu aalam.